Mama alitibiwa TB miezi minne, kumbe ni saratani ya mapafu

*Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Morogoro. Hajawahi kuvuta sigara hata siku moja. Mwezi wa pili alianza kikohozi kikavu, akapewa amoksilini, hakikuisha. Mwezi wa tatu eksirei ikaonyesha maji upande wa kushoto. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, TB haikuonekana, lakini tukaambiwa ni TB tu. Alitolewa maji na kuanzishiwa dawa. Wiki mbili za mwanzo alipata nafuu kweli. Mwezi wa sita pumzi ikabana tena, na safari hii maji yaliyotolewa yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela. Mwezi wa saba akapigwa picha ya CT na kuchukuliwa kinyama. Jibu limesema ni adenokasinoma ya pafu, na kwenye maji kumeonekana seli za saratani. Dawa za TB bado anameza.*

*Mjomba wangu, kaka yake mama, naye alikufa kwa saratani ya mapafu. Yeye alikuwa mvutaji. Alivimba uso, akaanza kuchanganyikiwa, akafariki ndani ya miezi mitatu. Je, ni ugonjwa uleule? Kwa nini wa mama haukuonekana mapema wakati tulikuwa hospitali kila mwezi? Na sisi watoto tukapime? Mdogo wangu wa kiume anavuta.*

*Binti wa kwanza, Morogoro*

Marahaba dada, na pole sana kwa kuuguza. Nimesoma barua yako mara mbili. Nitaanza na swali la mjomba, kwa sababu ukielewa tofauti ya wale ndugu wawili, mengi kuhusu mama yatakuwa wazi.

Siyo ugonjwa uleule. Zinaitwa saratani ya mapafu zote mbili kwa sababu zimeanzia ndani ya kifua, lakini zimezaliwa sehemu tofauti, kutoka kwenye seli za aina tofauti, na mwendo wake haufanani.

Weka vidole mbele ya shingo yako, chini ya koromeo. Utagusa pete ngumu. Hilo ndilo bomba la hewa. Likishuka nyuma ya mfupa wa kifua linagawanyika mawili, tawi moja kwa kila pafu, na kila tawi linaendelea kugawanyika, kama mara 23 hivi, hadi njia zinakuwa nyembamba kuliko uzi na kuishia kwenye vifuko vidogo vya hewa. Vifuko hivyo ni mamilioni kwa mamilioni, na ndiko damu inakochukua hewa safi. Ukuta wa njia hiyo haufanani mwanzo hadi mwisho. Kwenye matawi makubwa ya katikati ya kifua umejaa seli ndefu zenye vinyweleo, ambavyo vinapiga kama makasia kusukuma ute na vumbi kurudi juu kooni. Katikati yao kuna seli za kutengeneza ute, na hapa na pale kuna seli chache zinazotoa homoni. Ukifika pembezoni, vinyweleo vimekwisha, umebaki utando mwembamba wa vifuko na seli zinazotoa majimaji ya kuvifanya visishikamane.

Kwa maelezo yako, ya mjomba inafanana sana na ile tunayoita saratani ya seli ndogo. Sijaona jibu lake la maabara, kwa hiyo nasema inafanana tu. Inahusishwa na zile seli zinazotoa homoni, na kawaida hukua katikati ya kifua, kwenye matawi makubwa, karibu na moyo na mishipa mikubwa. Karibu kila mgonjwa wake ni mvutaji au aliwahi kuvuta. Ndiyo sababu uso ulivimba: uvimbe, au tezi zilizojaa saratani pembeni yake, hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi, damu ikakwama juu. Wagonjwa wa namna hii mara nyingi huamka asubuhi uso umejaa na mishipa ya shingo imetuna, kisha mchana ukipungua kidogo wanadhani ni mzio au figo. Na kule kuchanganyikiwa, kama saratani haikuwa imeshafika kwenye ubongo, huenda chumvi ya mwilini ilishuka, kwa kuwa saratani hii hutoa homoni inayofanya mwili ushikilie maji kupita kiasi. Najua familia nyingi ambazo wakati huo zilikuwa zikihangaika kutafuta nani amemroga mtu wao. Hakuna aliyemroga. Kipimo cha sodiamu kwenye damu kingeweza kuonyesha.

Ni saratani yenye kasi kubwa. Wagonjwa wawili kati ya watatu hukutwa tayari imetoka upande mmoja wa kifua na kusambaa. Dawa za saratani zinazoingizwa kwa dripu huifanya isinyae haraka sana mwanzoni, lakini kwa wengi hurudi. Ni takribani 15 tu kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu walio na aina hii. Waliobaki wanawekwa kwenye kapu moja kubwa la "isiyo ya seli ndogo", ambalo ndani yake kuna mbili unazopaswa kuzijua.

Ya kwanza ni saratani ya seli bapa. Mtu anayelima kwa jembe la mkono hupata sugu kwenye kiganja. Ngozi inajikaza ili ihimili msuguano. Moshi wa sigara unafanya jambo la aina hiyo kwenye matawi makubwa ya hewa: zile seli ndefu zenye vinyweleo zinaondoka, mahali pake panaota seli bapa kama za ngozi, ngumu, zisizo na makasia ya kusukuma uchafu. Mabadiliko hayo yenyewe siyo saratani, na mtu akiacha sigara mapema yanaweza kurudi nyuma. Akiendelea kwa miaka, baadhi ya seli hizo zinaharibika zaidi na kuwa saratani. Kwa kuwa iko ndani ya njia kubwa, hii angalau hupiga kelele: kikohozi, damu kwenye makohozi, mluzi wa pumzi unaosikika upande mmoja tu, au nimonia inayopona na kurudi palepale. Nikiona mtu mzima mwenye nimonia ya pili kwenye kona ileile ya pafu, nataka aende kwenye kamera ya kuingizwa kwenye njia ya hewa, hata kama antibayotiki zimemsaidia.

Ya pili ndiyo ya mama, adenokasinoma. "Adeno" ni neno la Kigiriki lenye maana ya tezi. Huanzia kwenye seli za kutoa ute au majimaji, na mara nyingi huota pembezoni mwa pafu, mbali na njia kubwa. Ndiyo inayoongoza kwa wingi siku hizi, kiasi cha 4 kati ya kila wagonjwa 10, na miongoni mwa watu wasiovuta sigara, hasa wanawake, ndiyo tunayoikuta zaidi. Moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na pa kutokea unahesabiwa na watafiti wa saratani kuwa pengine ni chanzo. Moshi wa sigara ya mtu mwingine na moshi wa injini za dizeli ni vyanzo vilivyothibitishwa. Lakini sitaki uanze kumhesabia mama miaka aliyopikia kuni. Kwa mgonjwa mmoja mmoja ambaye hakuvuta, mara nyingi hatuwezi kusema ni nini kilichomsababishia, na yeye hana kosa lolote alilolifanya.

Sasa swali lako la uchungu zaidi, la kwa nini haukuonekana.

Nyama ya pafu haina mishipa ya fahamu ya maumivu. Unaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau mle ndani usihisi chochote. Maumivu huanza pale saratani inapofika kwenye utando unaozunguka mbavu kwa ndani, au kwenye mfupa. Isitoshe, mapafu yana akiba kubwa. Kuna watu wameondolewa pafu zima na wanatembea sokoni. Kwa hiyo uvimbe wa pembezoni, usioziba njia wala kugusa kitu kinachouma, hauna namna ya kumjulisha mwenye mwili.

Na huwa umekaa muda mrefu. Ili seli moja ifikie uvimbe wa sentimita 1, inabidi ijigawe na kuongezeka maradufu kama mara 30. Adenokasinoma nyingi huchukua miezi kadhaa kwa kila mara moja. Tuseme ni miezi 6. Kutoka sentimita 1 hadi sentimita 2, kwa kuwa uvimbe unakua pande zote, inabidi iongezeke maradufu mara tatu, yaani mwaka na nusu. Hesabu hiyo siyo ya mama hasa, kwa sababu kila uvimbe una mwendo wake, lakini inakuonyesha kwamba kilichoanza mwezi wa pili kilikuwa ni kikohozi. Saratani yenyewe ilikuwa imeshakaa mle kwa miaka. Ile miezi minne ya dawa za TB ilipoteza muda, sikatai. Lakini maji kati ya pafu na mbavu yalikuwepo tangu eksirei ya kwanza, na kama tayari yalikuwa na seli za saratani, basi ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye pafu siku hiyohiyo.

Eksirei nayo ina mipaka yake. Inabana kifua kizima chenye unene kuwa karatasi moja. Uvimbe chini ya sentimita 1 kwa kawaida hauonekani kabisa, na hata mkubwa zaidi unaweza kujificha nyuma ya moyo, nyuma ya mfupa wa bega au chini kwenye kiwambo. Yakiwepo maji, kila kilicho chini ya maji kimefunikwa na weupe. Hivyo eksirei ya mwezi wa tatu ilionyesha maji, na yenyewe ndiyo ikaficha kilichoyaleta.

Halafu kuna TB. Huku kwetu TB ni nyingi, na TB ya utando wa mapafu ina vimelea vichache mno kiasi kwamba GeneXpert mara nyingi hushindwa kuipata. Daktari akiona maji ya upande mmoja, kikohozi na kupungua uzito, kumwanzishia mgonjwa dawa bila kuona vimelea siyo uzembe. Inaokoa watu wengi. Kosa linakuja baadaye, pale ambapo hakuna anayerudi kuuliza kama dawa zinafanya kazi. Nalisema hili nikiwa nimelifanya. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimwanzishia dereva mmoja dawa za TB, nikampa tarehe, na kila alipokuja nikamuuliza kama anameza vizuri. Alimeza vizuri sana. Sikumpima uzito mpaka mwezi wa tano, na alikuwa amepungua kilo 9. Tangu hapo, mgonjwa wangu wa TB isiyothibitishwa nampa miezi miwili. Homa inatakiwa iwe imeisha, hamu ya kula imerudi, uzito umeanza kupanda. Kama sivyo, naanza upya kana kwamba sijamwona: inaweza kuwa TB sugu kwa dawa, inaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Ile nafuu ya wiki mbili iliwadanganya wote, nanyi na daktari. Mama alikuwa ametolewa maji. Pafu lililokuwa limekandamizwa likatanuka, akalala chali kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Ilikuwa ni sindano iliyompa nafuu, lakini kwa kuwa vidonge vilianza wiki hiyohiyo, sifa ilikwenda kwa vidonge. Maji yaliporudi mwezi wa sita, jibu likawa limeshaanza kujitoa lenyewe. Maji ya TB yakitolewa na dawa zikaendelea, kwa kawaida hayarudi kwa wingi namna hiyo. Na rangi ya rozela kwa mtu wa umri wake ilitosha kutuma chupa maabara ya patholojia siku ileile. Hata hivyo ilipaswa kutumwa tangu mara ya kwanza, maana kwa mtu aliyepita miaka 50 mwenye maji upande mmoja, kutafuta seli za saratani na kutafuta TB huenda pamoja. Ujue pia kwamba chupa moja haitoshi kila mara: hata saratani ikiwepo kweli, sampuli ya kwanza ya maji huionyesha kwa kama wagonjwa 6 kati ya 10. Jibu la "hakuna seli za saratani" siyo cheti cha usalama.

Nitakwambia ukweli kuhusu hatua aliyofikia, kwa sababu mtaambiwa na ni afadhali uusikie ukiwa umekaa. Saratani ya pafu yenye seli ndani ya maji ni hatua ya nne. Upasuaji wa kuondoa uvimbe haumsaidii tena, na lengo la matibabu ni kuizuia, kumwondolea kubanwa pumzi na kumwongezea muda ulio mzuri. Lakini hapa ndipo aina inapokuwa na maana. Adenokasinoma ya mtu asiyevuta sigara mara nyingi zaidi kuliko nyingine inabeba hitilafu kwenye kinasaba kiitwacho EGFR, na ikiwa nayo, kuna vidonge vya kumeza nyumbani vinavyoilenga hitilafu hiyo, kama erlotinibu, ambayo ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019. Haviponyi, lakini mgonjwa anayefaa anaweza kupata nafuu ya miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Mjomba asingefaidika navyo.

Kwa hiyo, kwenye kliniki ya saratani, iwe Ocean Road Dar es Salaam au penginepo mtakapopelekwa, uliza maneno haya: "Kile kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kinaweza kupimwa EGFR na ALK?" ALK ni kinasaba kingine ambacho hitilafu yake nayo hutafutwa. Maabara iliyosoma kinyama huwa inakihifadhi ndani ya kipande kidogo cha nta, na ndicho kinachotumika kwa vipimo hivyo bila kumchoma mama tena. Uliza gharama kabla, na uliza kama bima inagusa kipimo na dawa, kwa sababu kupima kitu ambacho dawa yake hamtaipata kunaumiza mara mbili.

Dawa za TB asiziache kwa uamuzi wenu wa nyumbani, lakini jambo hilo lisikae hata wiki moja bila kupelekwa kwa daktari. Kama TB haikuwahi kuthibitishwa na sasa chanzo cha maji kimejulikana, huenda zikasimamishwa. Kuna sababu nyingine ya haraka: rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, inachochea ini kuchoma dawa nyingine kabla hazijafanya kazi, na hivyo vidonge vya EGFR ni miongoni mwa vinavyochomwa. Daktari wa saratani lazima ajue kwamba anaimeza.

Maji yakiendelea kurudi, kumchoma kila wiki mbili siyo njia pekee. Upo utaratibu wa kutoa maji yote kwa mpira kisha kuingiza poda ya talki ili tando mbili za pafu zishikamane, maji yakose mahali pa kukaa. Unafaa zaidi kama pafu bado linaweza kutanuka likafika ukutani, kwa hiyo usisubiriwe hadi mwisho.

Na ninyi watoto. Hitilafu ya EGFR kwa kawaida hutokea ndani ya uvimbe wenyewe katika maisha ya mtu, hairithiwi kama rangi ya macho. Kuwa na mama na mjomba wenye saratani ya mapafu kunaongeza hatari kidogo, ila saratani hizi mbili zina njia tofauti, na ya mjomba ina maelezo yake kwenye pakiti. Upo uchunguzi wa watu wasio na dalili kwa picha ya CT ya mionzi midogo. Marekani huufanya kila mwaka kwa wenye miaka 50 hadi 80 waliovuta angalau pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 au kiwango kinacholingana nacho, na wawe bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15. Mama yenu asingeingia hata kwenye orodha hiyo. Kwa ninyi msiovuta na msio na dalili, sishauri. Kwenye nchi yenye makovu mengi ya TB, picha hiyo itaonyesha vidoa vingi visivyo na madhara, na kila kidoa kitadai picha nyingine na sindano.

Mdogo wako ni habari nyingine. Kwa umri wake bado hayuko kwenye kundi la kupigwa picha bila dalili, lakini yale mabadiliko ya sugu niliyoyaeleza yanaweza kuwa yameanza na bado yanaweza kurudi nyuma. Aje kliniki ya kifua siku moja na mama, asikie mwenyewe. Akikohoa zaidi ya wiki tatu, au kikohozi cha mvutaji alichokizoea kikibadilika, au sauti ikikwaruza bila mafua na isirudi, apigwe eksirei. Na ikiwa safi lakini dalili ikabaki, adai hatua inayofuata.

Mkienda kliniki, chukueni bahasha ya eksirei zote pamoja na zile karatasi za majibu. Mzipange kwa tarehe, ya mwezi wa tatu iwe juu, maana kila daktari mpya atataka kuanza na ile ya mwisho, na inayosimulia safari nzima ni ile ya kwanza.